Maelezo Binafsi ya Mfungwa kwa Bodi ya Parole, Gereza Kuu Butimba

Mwenyekiti,
Bodi ya Parole ya Mkoa,
MWANZA.

K.K. Mkuu wa Gereza,
Gereza Kuu Butimba.

14 Julai 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: MAELEZO YANGU KUHUSU OMBI LA KUTUMIKIA SEHEMU YA KIFUNGO NJE YA GEREZA KWA PAROLE

Mimi ni Masalu Shija, mfungwa namba 214/2019. Natumikia kifungo cha miaka 12 kwa kosa la kuua bila kukusudia, chini ya vifungu vya 195 na 198 vya Kanuni ya Adhabu. Nilihukumiwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, mwezi Machi 2019. Kwa kuwa nimekwishatumikia zaidi ya theluthi moja, sheria inaniruhusu kufika mbele yenu. Najua pia kwamba kuruhusiwa kuomba si sawa na kustahili, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, ili mnipime kwa maneno yangu.

Niliyemuua anaitwa Kulwa. Alikuwa mvuvi mwenzangu katika mtumbwi wa dagaa, mwaloni Igombe, na mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Naanza na jina lake kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nasema "marehemu" au "yule kijana", na nilikuwa nafanya hivyo makusudi.

Katika hukumu imeandikwa kwamba palitokea ugomvi wa mgao wa fedha. Ni kweli, lakini haikuandikwa ugomvi ulitoka wapi, kwa kuwa sikuieleza mahakama. Kwa utaratibu wetu, dagaa wakishauzwa yanatolewa mafuta na chakula, kisha tajiri mwenye mtumbwi anachukua nusu na vibarua tunagawana nusu. Mimi nilikuwa nauza ndoo kadhaa humo humo ziwani, kabla ya kutia nanga, na fedha hiyo naweka mfukoni. Nilifanya hivyo giza lote la mwezi ule na giza la mwezi uliotangulia. Kulwa alikuwa mtu wa hesabu. Asubuhi ile tulipofika nchi kavu, taa bado hazijazimwa zote, alizitaja ndoo moja moja mbele ya wenzetu na mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri kununua. Hakunitukana. Aliuliza tu nyingine ziko wapi.

Nilikuwa nimekunywa gongo usiku, lakini sikulewa kiasi cha kutojua nifanyalo. Nilijua kabisa. Nilichukua kafi, nikampiga nyuma ya sikio akiwa amegeuka kumwonyesha mwenzetu ndoo zilizobaki. Alikaa chini kwenye mchanga, akashika shingo, akasema apewe maji. Mama mmoja alimpa. Alikunywa kidogo akayarudisha. Nami nilisimama na kafi mkononi nikisema kwa sauti kubwa kwamba anajifanyisha. Kama ningempakia kwenye pikipiki saa ile ile huenda angepona. Alifikishwa hospitali mchana, na usiku akafariki.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo kwangu mimi ni zito karibu sawa na lile la kwanza. Niliwaambia vijana wangu waseme Kulwa aliteleza akagonga kichwa kwenye ubavu wa mtumbwi. Wawili walikubali kwa sababu walikuwa wananitegemea kwa kazi. Pacha wake, Doto, ambaye alikuwa katika mtumbwi mwingine, aliambiwa uongo huo msibani, na mimi nikiwa nimekaa pale pale kwenye matanga. Polisi walinikamata baadaye, baada ya yule mama aliyempa maji kueleza alichokiona.

Sasa naomba nieleze kilichobadilika, na nitasema na pale ambapo hapakubadilika haraka. Miaka ya mwanzo hapa Butimba nilikuwa mtu wa kulalamika. Nilijiona nimeponzwa na pombe na hasira za ujana. Mwaka 2020 nilipigana na mfungwa mwenzangu kwa ajili ya mahali pa kulala, nikaadhibiwa, na adhabu hiyo iko kwenye jalada langu. Wala sikuonewa.

Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, wenzangu wengi walinitumia kuwaandikia barua: za rufaa, za nyumbani, za kuomba msamaha. Kazi hiyo ndiyo iliyonifungua macho, kuliko mahubiri yote niliyosikiliza, ingawa mahubiri nayashukuru. Mzee mmoja alikuwa ananisomea maneno ya kumwandikia mkwe wake, na kila alipofika kwenye kosa lake alisema, "ikatokea." Ugomvi ukatokea. Panga likampata. Nilimwambia, mzee, panga halijipeleki lenyewe. Alinitazama akaniuliza, na kafi yako wewe? Sikuwa na jibu. Usiku huo niliandika kwa mara ya kwanza habari ya zile ndoo, ambayo sikuwa nimeikiri kwa mtu yeyote. Mwaka 2022 niliiwasilisha kwa maandishi kwa afisa wa magereza anayeshughulikia jalada langu, na nikaomba baba yangu mkubwa aifikishe kwa familia ya Kulwa. Nilitaka mama yake ajue kwamba mwanawe hakufa kwa ugomvi wa walevi. Alikufa kwa sababu alisema kweli na mwizi alikuwa mimi.

Wazee wa pande mbili walikaa. Ukoo wetu ulitoa ng'ombe wa fidia kwa desturi ya Kisukuma, na mama yake aliwapokea. Hakusema kwamba amesamehe. Alisema asinione mwaloni. Doto hakuhudhuria kikao. Naomba Bodi isichukue kupokelewa kwa ng'ombe kuwa ni msamaha. Mimi mwenyewe sijauchukulia hivyo.

Tangu 2021 nimefanya kazi katika karakana ya useremala ya gereza. Nimefaulu majaribio ya ufundi daraja la tatu, na nakala ya cheti iko kwenye jalada. Natengeneza vitanda, milango na madawati, na najua kuunga mbao kwa ulimi na tundu bila kutegemea misumari. Nafundisha pia kusoma na kuandika kwa wenzangu ambao hawakupata shule.

Kuhusu pombe sitaki kudanganya. Kutokunywa nikiwa gerezani si ushahidi, kwa maana humu haipatikani. Ushahidi utakuwa huko nje, Ijumaa jioni nikiwa na ujira mfukoni. Kwa hiyo mpango wangu nimeupanga nikiifikiria hiyo Ijumaa.

Sitarudi kwenye uvuvi. Najua ndiyo kazi inayolipa haraka kwa mtu wa pwani ya ziwa, na wapo matajiri ambao wangenichukua kesho. Lakini dagaa hawakai sehemu moja. Mwezi huu mtumbwi uko Ilemela, mwezi ujao umehamia visiwani Ukerewe, mwingine Goziba. Mfungwa wa parole anayetakiwa kuripoti kwa afisa wake hawezi kuishi hivyo bila kuvunja masharti, na makambi ya visiwani yana gongo kila kona. Zaidi ya hapo, nimeambiwa Doto sasa ananunua dagaa na kuwauza soko la Mwaloni Kirumba. Mahali hapo ni pake. Sitakwenda Igombe wala Kirumba, hata kupita tu, na naomba Bodi iliweke hilo kuwa sharti rasmi.

Nitaishi Kisesa, wilaya ya Magu, kwa dada yangu, ambaye ndiye anayemlea binti yangu tangu mke wangu alipoolewa kwingine. Binti ana miaka 11 na ananifahamu kwa kunitembelea tu. Mjomba wangu ana karakana ya samani hapo hapo Kisesa, na ameandika barua ya kunipokea iliyogongwa mhuri na Mtendaji. Atanilipa shilingi 7,000 kwa siku ya kazi. Nikifanya siku 24 kwa mwezi ni shilingi 168,000. Kwa miezi sita ya kwanza mjomba atamkabidhi dada fedha hiyo, si mimi. Wote wawili wamekubali. Mbao zinazonunuliwa mjini atazifuata mjomba mwenyewe.

Katika fedha hiyo, 70,000 ni ya chakula na mahitaji ya nyumba ya dada, na 40,000 ni ya watoto wawili wa Kulwa. Mkubwa ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Ada haipo, lakini sare, madaftari, viatu na michango vipo, na bibi yao anauza mihogo. Fedha hiyo itapitia kwa baba mkubwa na kwa mwenyekiti wa mtaa wao, kwa maandishi, bila mimi kuonekana, na kama familia itaikataa itawekwa benki kwa majina ya watoto mpaka watakapoamua wenyewe. Inayobaki ni ya nauli ya kuripoti, dawa, mahitaji ya binti yangu, na kununua randa na misumeno yangu kidogo kidogo.

Kuna miezi ambayo karakana hukosa oda, hasa kabla watu hawajauza mpunga na pamba. Miezi hiyo nitafanya kibarua cha shamba hapo hapo Magu, na mchango wa watoto utashuka hadi 20,000, lakini hautakatika. Nimeona ni heri niahidi kidogo nitakachokitimiza.

Yapo mambo yanayonitia hofu na ni haki yenu kuyajua. Nina wasiwasi na vijana niliovua nao. Watanitafuta, na wengine bado wanadhani walinisaidia kwa kusema uongo. Dada ameshawaambia wasije nyumbani. Nina wasiwasi pia na hasira yangu pale mtu atakapoikosoa kazi yangu mbele ya watu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Katika karakana ya gereza nimekosolewa mara nyingi mbele ya wenzangu, na msimamizi anaweza kuwaeleza ninavyopokea. Naomba mumuulize yeye.

Endapo Bodi itaona muda wangu bado, nitaendelea na kazi karakanani na darasani kama kawaida, na nitaomba kuelezwa upungufu wangu ili niushughulikie. Endapo itaona nistahili kupendekezwa, naomba masharti haya: kuishi Kisesa kwa anwani ya dada yangu, kuripoti kwa afisa wa parole kila wiki kwa mwaka wa kwanza, kutokunywa pombe ya aina yoyote, kutokwenda Igombe na Kirumba, na familia ya Kulwa kujulishwa tarehe ya kutoka kwangu mapema, kabla ya ndugu zangu mimi.

Niko tayari kuhojiwa na Bodi siku yoyote nitakayoitwa.

Wako mtiifu,

Masalu Shija
Mfungwa namba 214/2019
Gereza Kuu Butimba, Mwanza

Viambatanisho: barua ya mjomba yenye mhuri wa Mtendaji, barua ya dada, nakala ya cheti cha ufundi, muhtasari wa kikao cha wazee wa pande mbili.