Kuh: Majibu yenu kuhusu nafasi ya karani wa mapokezi, Shela

Bi. Zainabu,

Assalamu alaikum.

Barua pepe yako ya Jumanne nimeipata. Sitasema haikuniuma, kwani kazi ile niliitaka hasa. Lakini nilipofika ulipoeleza sababu, nilitoka nikaketi barazani nikaisoma tena taratibu. Kwingine nilikoomba nimejibiwa mstari mmoja, au kimya. Wewe umekaa ukanionyesha nilipokosea. Ahsante sana.

La saa ndilo lililonichoma. Mgeni wa kwenye jaribio alikuwa anatua Manda saa nne asubuhi, nami nikaandika 4:00 badala ya 10:00. Kwa karatasi yangu ile, nahodha angetoka kabla ya adhana, akafunga boti gatini na kukaa masaa sita akimngojea mtu ambaye hata kitandani hajaamka. Nilicheka, kisha nikamfikiria huyo nahodha. Siku hizi nikitajiwa saa naiandika papo hapo kwa tarakimu za ndege, halafu namsomea aliyenitajia: "Kumi kamili, saa nne yetu, sivyo?" Mjomba ameanza kunikebehi kwa hilo.

Na jumla nazo. Ni kweli nilizipiga kwa simu nikaziandika kwa mkono, ndiyo maana ulipoongeza siku za chumba kimoja hesabu ilibaki pale pale. Juzi usiku nimelirudia jaribio zima, safari hii nikiweka =SUM(D2:D13) chini ya safu ya malipo. Nikageuza malipo ya siku mbili kuwa ya siku tatu, jumla ikafuata yenyewe. Jambo dogo hivyo, na miaka miwili naandika vyumba vya mjomba bila kulijua.

Kuhusu mgeni mwenye malalamiko, umesema jibu langu lilikuwa maneno matupu. Kisa nilikuwa nacho, ulimi ndio uliokuwa mzito: hapa kwetu Langoni mgeni aliwahi kukasirika kwa sababu ya punda wanaolia chini ya dirisha usiku. Nilimhamishia chumba cha ndani usiku ule ule, nikambebea mizigo mwenyewe, na akaongeza siku nne. Hilo ndilo ningekwambia.

Nampa hongera aliyeipata nafasi, na naomba unifikishie salamu kwa yule bwana wa jikoni aliyenipa maji ya ukwaju nikiwa nasubiri zamu yangu.

Wageni wa Disemba wakiwa wengi mkahitaji mtu wa kushika zamu, hata wiki mbili tu, nambari yangu ni ile ile iliyo kwenye maombi. Kutoka Langoni nafika kwenu kwa miguu kwa muda wa dakika 45 hivi, maji yakiwa yametoka.

Wasalaam,
Athmani
Langoni, Lamu