Barua pepe nne, asubuhi baada ya usaili wa Moshi

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi
Yah: Shukrani kwa usaili wa jana, nafasi ya Afisa Ubora wa Kahawa

Shikamoo Mzee Mwenyekiti,

Ulisema jana kwamba barua zako za simuni husomwa na mjukuu. Basi namsalimu na yeye, na ninamwomba asome taratibu.

Nashukuru kwa kunipokea mezani pamoja na wenzako, na kwa kunipa nafasi ya kueleza nilikotoka kabla ya kunihoji. Kwa mtu aliyesafiri kutoka Mbinga na hajui mtu Moshi, lile lilinipa utulivu.

Uliniuliza: nikikuta kahawa ya mzee wa rika lako haijakauka, nitamwambia nini. Nilijibu upesi kwamba nitamwambia aianike tena. Ukanyamaza. Nimelala nikiufikiria ule ukimya, kwa sababu jibu langu lilikuwa sahihi kwa kahawa lakini halikumtosha mwenye kahawa.

Ningefanya hivi. Ningemsalimia, nikachota sampuli mbele yake, juu ya gunia, katikati na chini, maana juu hukauka kwanza. Kisha ningempa kipima unyevu akishike mwenyewe na asome namba kwa macho yake. Ikisoma 14, ningemweleza kwamba kahawa ya ngozi tunaitaka kati ya asilimia 10 na 12, na kwamba ikiwekwa stoo ikiwa juu ya hapo huota ukungu, na ukungu wa gunia moja huharibu jina la chama kizima. Mwisho ningemtafutia nafasi kwenye meza za kuanikia hapo hapo kituoni, asiubebe mzigo tena kupanda nao mlimani. Umbali ule ndio unaomuumiza mzee kuliko neno langu.

Ulituambia pia kwamba wewe huipima kwa kuing'ata. Nikipata kazi hii naomba unifundishe. Nitang'ata kwanza, halafu nitasoma kipima, mpaka jino na mashine vikubaliane.

Mungu akupe afya njema, Mzee.

Mimi binti yako,
Upendo

*

Kwa: Mhasibu
Yah: Shukrani, na sahihisho la hesabu niliyokupa jana

Shikamoo Mama Mhasibu,

Nashukuru kwa maswali yako ya jana. Yalikuwa magumu kuliko yote na ndiyo niliyoyapenda zaidi, kwa sababu yaligusa fedha ya mkulima moja kwa moja.

Nalazimika kurekebisha jambo moja kabla hamjakaa kujadili majina. Uliniuliza kilo 6,000 za kahawa mbivu zitaleta kilo ngapi za kuuza mnadani. Nikagawa kwa 5, nikakujibu 1,200. Ulishukuru na kuandika. Nilipofika stendi ndipo nikagundua kosa langu: zile 1,200 ni kahawa ya ngozi, ikiwa imemenywa, imeoshwa na kukaushwa. Bado haijakobolewa. Kiwandani, ngozi ikitoka, uzito hupungua kwa takribani sehemu moja ya tano. Kahawa safi inayobaki ni kama kilo 960.

Tofauti ni kilo 240, yaani magunia 4 ya kilo 60. Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, ni shilingi 1,920,000. Chama kikiwaahidi wakulima malipo kwa hesabu yangu ya jana, fedha hiyo ingekosekana mwisho wa msimu, na wewe ndiye ungesimama mbele ya mkutano kueleza imeenda wapi. Sikutaka ukae na karatasi yenye namba ile hata siku moja zaidi.

Naongeza kwamba hata hiyo 960 ni makadirio. Buni zikichumwa zikiwa na mabichi mengi, au zikiwa zimeshambuliwa na ugonjwa wa chulebuni, uwiano hushuka. Kwa hiyo ningependa tuwe na daftari moja kati ya stoo na ofisi yako: mbivu zilizopokelewa, ngozi iliyotoka, safi iliyorudi kutoka kiwandani, kwa kila shehena. Baada ya msimu mmoja chama kitakuwa na uwiano wake chenyewe, na hatutahitaji kuazima wa vitabuni.

Najua sahihisho hili linaweza kunipunguzia alama. Ni sawa Mama, hesabu iwe sahihi kwanza.

Kwa heshima,
Upendo Josephat

*

Kwa: Meneja Mkuu
Yah: Shukrani na viambatisho vya usaili

Ndugu Meneja,

Habari za asubuhi. Nashukuru kwa usaili wa jana Jumanne, na kwa kunieleza waziwazi ratiba ya msimu na mipaka ya bajeti.

Nimeambatanisha nakala ya cheti na barua ya mwajiri wangu wa sasa kama ulivyoagiza. Nikichaguliwa nitahitaji siku 30 za notisi.

Kuhusu sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, inayokataa kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020: nilisema nitazunguka mpaka wa kila shamba na simu. Kumbe kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya latitudo na longitudo inatosha, zikiwa na tarakimu 6 baada ya desimali. Vihamba vya wanachama wenu viko chini sana ya hapo, hivyo kazi itakuwa nyepesi kuliko nilivyokueleza. Kinachohitaji muda ni kuhakikisha kila nukta inakaa na jina sahihi la mwanachama, hasa pale kihamba kilipogawanywa kwa watoto na daftari bado lina jina la babu.

Wako katika kazi,
Upendo Josephat

*

Kwa: Mwonjaji Mkuu
Yah: Asante kwa vikombe vya jana

Mwalimu,

Uliniambia nikuite hivyo, na baada ya nusu saa ya kuonja kahawa nawe jana sioni jina lingine linalofaa.

Asante kwa kunishika mkono nilipotaka kuvunja ukoko wa kahawa juu ya kikombe mapema. Nilikuwa na haraka ya kuonekana ninajua. Dakika 4 ni dakika 4, na harufu ile inayopanda kijiko kinapopita haiji mara mbili. Asante pia kwa kunipimia upya gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji bila kunisema mbele ya wengine.

Kikombe cha tatu kimenifuata mpaka kwenye basi. Mimi nilisema kimechachuka kwa kuvundikwa muda mrefu. Wewe ukaniuliza swali moja tu, maji ya kuoshea yalitoka wapi, ukaendelea na kikombe cha nne. Sasa naelewa ulikuwa unanipeleka wapi: saa za kuvundika zinaweza kuwa sawa kabisa, lakini maji yale yale yakitumika kuosha shehena baada ya shehena, uchachu wa jana unahamia kwenye kahawa ya leo. Tulipokuwa kwenye mtambo wa kumenya kule Mbinga tuliwahi kupata ladha kama ile, tukapunguza saa za kuvundika, na haikuondoka. Hakuna aliyefikiria kuangalia tenki la maji. Leo asubuhi nimempigia msimamizi wa pale nikamweleza, naye amesema watalisafisha kabla ya mchumo ujao.

Uamuzi wa jopo ukiwa vyovyote, naomba ruhusa nikuandikie tena msimamizi yule atakaponipa majibu ya vikombe vyao.

Mwanafunzi wako,
Upendo