Chemsha Bongo ya Uchaguzi, Kakamega: Karatasi ya Msomaji Maswali

Mwalimu, karatasi hii ni yako na ya waamuzi wawili tu. Majibu yamo humu ndani, kwa hivyo usiiache mezani unapokwenda kunywa chai. Timu ni nne: Lurambi, Shinyalu, Malava na Butere. Kila swali lina alama 2 na timu ina sekunde 30. Ikishindwa, swali linakwenda kwa timu iliyo kulia kwake kwa alama 1.

Sheria moja ikazie tangu mwanzo: jibu la "tume" pekee halipati alama. Tunataka afisa gani, fomu gani, mahakama gani, siku ngapi. Ukumbini kutakuwa na wafuasi wa kila upande, na ukiruhusu majibu ya jumla jumla, saa moja itaisha kwa kelele za mwaka 2022 na 2017. Atakayetaka kubishana nani alishinda kweli, mwambie asubiri soda.

MZUNGUKO WA KWANZA: KUJIANDIKISHA

1. Kijana wa Shinyalu ametimiza miaka 18 jana. Ana karatasi ya kusubiri kitambulisho, na kadi yenyewe haijatoka. Je, anaweza kuandikishwa kuwa mpiga kura leo?

Jibu: Hapana. Anahitaji kitambulisho cha taifa chenyewe au pasipoti halali.

2. Mwendesha boda aliandikishwa Malava, sasa anaishi Nakuru na anataka kupiga kura huko. Afanye nini?

Jibu: Aombe kuhamishiwa kituo cha Nakuru. Asijiandikishe upya kana kwamba hajawahi.

Kwa waamuzi: timu ikisema "ajiandikishe tena Nakuru", sifuri, hata wakisema kwa kujiamini. Katiba, kifungu cha 83, inamruhusu mtu kuandikishwa kituo kimoja tu, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la uchaguzi. Swali hili nimeliweka makusudi, kwa kuwa nusu ya vijana wetu wako Nakuru, Eldoret au Nairobi, na kila uchaguzi wapo wanaogundua siku yenyewe kwamba jina lao bado liko nyumbani.

3. Taja aina mbili za raia watu wazima ambao Katiba haiwaruhusu kuandikishwa.

Jibu: Asiye na akili timamu, na aliyepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita.

Kwa waamuzi: wengi watasema "mfungwa". Si jibu. Wafungwa walioandikishwa hupiga kura, ila ya urais peke yake, sawa na Wakenya walio ng'ambo.

4. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe ngapi, na tarehe hiyo inatoka wapi?

Jibu: 10 Agosti 2027. Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Alama 1 kwa tarehe, alama 1 kwa kanuni.

MZUNGUKO WA PILI: SIKU YA KURA

Hapa soma polepole. Maswali 6 na 7 ni visa, na timu zinaruhusiwa kuomba urudie mara moja.

5. Vituo hufungwa saa ngapi? Na mama aliye wa hamsini kwenye foleni saa hiyo ikifika, anarudi nyumbani?

Jibu: Saa 11 jioni. Harudi, aliyekuwa kwenye foleni wakati wa kufunga lazima apige kura.

6. Fundi wa mawe amefika kituoni Butere. Vidole vyake vimelika kwa kazi, na mashine ya KIEMS haisomi alama zake. Kitambulisho anacho. Karani anamwambia, "Mzee, pole, rudi nyumbani." Karani amekosea wapi?

Jibu: Mashine inaweza kumtafuta kwa nambari ya kitambulisho na kuonyesha picha na maelezo yake. Akipatikana, fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala, naye anapiga kura.

Kwa waamuzi: nambari ya fomu si lazima. Atakayeitaja mwongezee alama 1.

7. Bibi asiyeona amekuja na mjukuu wa miaka 20 amsaidie kuweka alama. Mjukuu akimaliza, jirani naye anamwomba msaada huohuo. Je, anaruhusiwa? Na mpiga kura asiyekuja na mtu je?

Jibu: Haruhusiwi, mtu humsaidia mpiga kura mmoja tu. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo, mawakala wakishuhudia.

8. Swali la nyumbani. Tarehe 9 Agosti 2022, wapiga kura wa Kaunti ya Kakamega walikosa karatasi ya kiti kimoja. Kiti gani, kwa nini, na walikipigia kura lini?

Jibu: Kiti cha ugavana. Karatasi zilizochapishwa zilikuwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea. Kura ilipigwa 29 Agosti 2022.

Nyongeza ya alama 1: ni eneobunge gani la Kaunti ya Nakuru lililochagua mbunge wake siku hiyohiyo kwa kuahirishiwa vilevile? Jibu: Rongai.

Kwa waamuzi: kama hakuna timu hata moja itakayopata tarehe, waacheni wacheke kidogo. Miaka imepita, lakini ugavana ni wetu.

MZUNGUKO WA TATU: KUHESABU NA KUTANGAZA

Huu ndio mzunguko ulionichukua muda mwingi, na ndio utakaoamua mshindi. Watu wengi wanaamini matokeo ya urais huzaliwa Bomas. Maswali haya yanawarudisha kwenye darasa la shule ya msingi ambamo kura zimehesabiwa usiku kwa taa.

9. Nani hutangaza matokeo ya kwanza kabisa ya urais, wapi, na kwa fomu gani?

Jibu: Msimamizi wa kituo cha kupigia kura, palepale kituoni, kwa fomu 34A. Nakala huwapa mawakala na nyingine hubandikwa kituoni.

10. Fomu 34B ni ya nani, na 34C je?

Jibu: 34B ni ya msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge. 34C ni ya taifa, na hutiwa saini na mwenyekiti wa IEBC.

11. Wakala wa chama amekasirika na anakataa kutia saini fomu 34A. Je, matokeo ya kituo hicho yanabatilika?

Jibu: Hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee. Wakala anatakiwa kuandika sababu za kukataa, na msimamizi naye aandike kwamba amekataa.

Kwa waamuzi: timu ikiongeza kwamba wakala angeweza kuomba kura zihesabiwe tena kabla ya matokeo kutangazwa, na kwamba hilo lina kikomo cha mara mbili, wapeni alama 1 zaidi. Wakala mwenye akili huomba kuhesabu upya. Kususa kunamfurahisha mgombea wake tu.

12. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi kati ya IEBC na Maina Kiai pamoja na wenzake. Iliamua nini kuhusu matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge?

Jibu: Kwamba ni ya mwisho. Mwenyekiti Nairobi hawezi kuyabadilisha. Kinachoyapindua ni mahakama.

13. Mgombea urais amepata asilimia 52 ya kura. Amefikisha asilimia 25 katika kaunti 23. Je, ameshinda duru ya kwanza?

Jibu: Hapana. Anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Patakuwa na duru ya pili ndani ya siku 30 tangu uchaguzi huo.

14. Hesabu. Ruhusu karatasi na kalamu, sekunde 60. Tuseme nchi nzima ina karatasi 1,000 debeni. Karatasi 20 zimekataliwa. Mgombea ana kura 495. Kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2013, je, amevuka nusu?

Jibu: Amevuka. Kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu, kwa hivyo ni 495 kati ya 980, ambayo ni takriban asilimia 50.5. Angehesabiwa juu ya 1,000 angepata 49.5 na kukosa.

15. Mwenyekiti ana siku ngapi kutangaza matokeo ya urais, na humpelekea nani taarifa ya maandishi?

Jibu: Siku 7 baada ya uchaguzi. Jaji Mkuu na Rais aliye madarakani.

MZUNGUKO WA NNE: KUPINGA MATOKEO

16. Matokeo ya urais yametangazwa Jumatatu, 15 Agosti. Siku ya mwisho ya kuwasilisha kesi ni ipi? Kesi ikiwasilishwa siku hiyo, mahakama imalize lini?

Jibu: 22 Agosti, kisha 5 Septemba. Ni siku 7 za kuwasilisha na 14 za kuamua. Hizi ndizo tarehe halisi za 2022. Zile za 2017 zilifuata hesabu hiyohiyo: 11 Agosti, 18 Agosti, 1 Septemba.

17. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa majaji 4 dhidi ya 2. Je, ilisema mpinzani ndiye aliyepata kura nyingi?

Jibu: Haikusema hivyo. Ilikuta kwamba uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba na sheria, hasa katika kupeleka matokeo, ikaagiza uchaguzi mpya ndani ya siku 60.

Kwa waamuzi: swali hili linaweza kuwasha moto. Soma jibu, piga kengele, endelea. Usichanganye siku hizi 60 na zile 30 za duru ya pili katika swali la 13, maana timu zitachanganya.

18. Uchaguzi huo mpya ulifanyika 26 Oktoba 2017. Taja kaunti mbili za Nyanza ambako kura haikupigwa.

Jibu: Zozote mbili kati ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori.

19. Malava walirudi debeni 27 Novemba 2025 kuchagua mbunge. Katika uchaguzi wa namna hiyo, anayepinga matokeo huenda mahakama gani, na ana siku ngapi?

Jibu: Mahakama Kuu, siku 28 tangu matokeo kutangazwa. Uamuzi hutolewa ndani ya miezi 6.

20. Na anayepinga ushindi wa mwakilishi wa wadi?

Jibu: Mahakama ya hakimu. Huweka dhamana ya shilingi 100,000 ya gharama za kesi. Kwa mbunge au gavana ni 500,000, na kwa urais milioni 1.

Kwa waamuzi: mahakama pekee inatosha kwa alama 2. Kiasi cha fedha ni cha kuwashangaza wasikilizaji wanaodhani mtu hupeleka kesi kwa hasira tu.

SWALI LA KUVUNJA SARE

Timu zote zilizofungana ziandike jibu kwa wakati mmoja. Iliyo karibu zaidi inashinda.

Tofauti ya kura kati ya William Ruto na Raila Odinga iliyotangazwa 15 Agosti 2022 ilikuwa ngapi?

Jibu: 233,211. Yaani 7,176,141 ukitoa 6,942,930.