Limiti ni 6, lakini f(3) je?

Swali la nne la zoezi lilikuwa na mstari mmoja tu: "Kweli au si kweli? Ikiwa limiti ya f(x) wakati x inakaribia 3 ni 6, basi f(3) = 6." Hamisi alikuwa ameshaandika "Kweli", tena kwa wino.

NEEMA: Umejibu haraka hivyo?

HAMISI: Kuna nini cha kufikiria? Unaweka 3 mahali pa x, unakokotoa, kwisha. Matatu ya juu yote tumefanya hivyohivyo.

NEEMA: Ya juu yalikuwa x² + 1 na wenzake, fanksheni za upole. Hili halijasema f ni ipi.

HAMISI: Iwe yoyote. x ikifika 3, f(x) itakuwa imefika wapi kama si f(3)?

NEEMA: Nani kakwambia x inafika 3? Inakaribia. Hebu jaribu hii:

f(x) = (x² − 9)/(x − 3)

HAMISI: Kwa 2.9 napata 5.9. Kwa 2.99, 5.99. Kwa 3.01, 6.01. Limiti ni 6, sibishi.

NEEMA: Na kwa 3 yenyewe?

HAMISI: Sifuri juu, sifuri chini. Haina thamani. Lakini hujanishinda! Mimi nasema thamani na limiti hulingana, wewe unaniletea pahali pasipo na thamani. Utalinganisha nini na nini?

NEEMA: Swali linadai f(3) ni 6, na hapa si 6. Ila sawa, tusishikane kwa hilo. Nalijaza tundu: popote pengine kanuni ni ileile, ila f(3) = 10. Sasa thamani ipo.

HAMISI: Aa, hicho ni kiraka! Umekibandika kwa mkono wako.

NEEMA: Fanksheni inadai kitu kimoja tu: kila x iwe na jibu lake moja. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima itoke kwenye kanuni moja.

HAMISI: Nipe ya kanuni moja, isiyo na kiraka wala tundu, ndipo nitafuta hiyo "Kweli" yangu.

Neema alinyamaza kidogo, akachora kitu pembeni mwa daftari, akakifuta, kisha akaandika:

g(x) = ⌊−x²⌋

NEEMA: Hayo mabano maana yake ni namba kamili kubwa kabisa isiyozidi kilichomo ndani. Angalia pale kwenye 0.

HAMISI: g(0) ni 0. Kwa 0.1, ndani ni −0.01, nakata desimali, 0 tena. Umejifunga mwenyewe!

NEEMA: Hukati, unashuka. 0 inazidi −0.01, kwa hiyo haifai. Simama kwenye −0.01 katika mstari wa namba, tazama kushoto. Namba kamili ya kwanza ni ipi?

HAMISI: ... −1.

NEEMA: Na x ikiwa −0.1?

HAMISI: Kipeo cha pili kinaua alama ya kutoa, ndani ni −0.01 vilevile. −1. Kwa 0.001 ndani ni −0.000001... bado −1. Ngoja. Hata nikiikaribia sifuri namna gani?

NEEMA: Kila x kati ya −1 na 1, isipokuwa 0, inatoa −1. Limiti ni −1, thamani ni 0. Kanuni moja, bila kiraka.

HAMISI: Lakini kwa nini limiti isihesabu pale penyewe? Si ndipo tunapopazungumzia?

NEEMA: Fungua fasili. Umeiandika mwenyewe juzi: 0 < |x − a| < δ. Sote tunakodolea δ macho, tunaisahau ile sifuri ya kushoto. Kazi yake ni kuitoa nje a, yaani ile namba x inayoikaribia. Bila hivyo tusingeweza kutafuta mteremko, maana kila mara ungeambiwa ugawanye kwa sifuri.

HAMISI: Basi yale matatu ya juu nimepata kwa bahati?

NEEMA: Jibu umelipata kihalali. Polinomia hazikatiki popote, na fanksheni kutokatika kwenye a ndiko huko limiti kuwa sawa na f(a). Ulichukua sifa ya hizo ukaivisha kila fanksheni.

Hamisi alikata "Kweli" kwa mistari miwili. Akaanza kunakili g, akasita.

HAMISI: Hii yako iko kwenye 0, na swali linataka 3. Tena limiti iwe 6.

NEEMA: Isogeze.

HAMISI: Badala ya x naweka x − 3. Karibu na 3 inatoa −1, nataka 6, kwa hiyo naongeza 7...

Akaandika taratibu:

Si kweli. f(x) = 7 + ⌊−(x − 3)²⌋. Limiti kwenye 3 ni 6, f(3) = 7.

NEEMA: Lete na mimi ninakili.