Kubadilisha uso kwenye video: maswali ya wahariri wapya

Karatasi hii ni ya wanaojiunga na kikundi chetu kuhariri filamu fupi. Katika onyesho la pikipiki, anayeendesha ni dereva mzoefu, si mwigizaji wetu mkuu. Kazi yetu ni kumwekea dereva uso wa mwigizaji kwa sekunde chache tu, na wote wawili wameridhia kwa maandishi. Vitufe vya programu vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya kwenye skrini nimeyaacha yalivyo.

`source` ni ipi na `target` ni ipi? Kila siku nazichanganya.

`source` ni chanzo, yaani uso unaotolewa. `target` ni lengwa, yaani picha au video inayoupokea. Kwetu sisi chanzo ni picha ya mwigizaji, na lengwa ni video ya dereva. Ukitaka kuhakikisha, tazama nguo za kwenye matokeo. Mwenye nguo hizo ndiye lengwa.

Ukifungua DeepFaceLab, mojawapo ya programu za kubadilisha uso, utakuta folda mbili, `data_src` na `data_dst`. Ya kwanza ni chanzo, ya pili ni lengwa.

Dereva akikunja uso, mwigizaji naye atakunja?

Ndiyo, kwenye programu za modeli, yaani zilizofunzwa kwa picha nyingi za nyuso. Lengwa hutoa mwili, nywele, mwanga, mwelekeo wa kichwa na mwendo wa macho na mdomo. Chanzo hutoa sura tu. Ndiyo maana dereva lazima aigize: akikaa kama anasubiri foleni, hakuna kitufe cha kumpa hofu. Njia ya zamani ya kukata uso na kuubandika ni tofauti. Huko uso huja na tabasamu lake lilelile la pichani.

Picha ya chanzo iwe kubwa kiasi gani?

Si ukubwa unaokuangusha mara nyingi. Modeli inayotumika sana kwa picha moja, `inswapper_128`, hutengeneza uso wa pikseli 128 kwa 128. Picha kubwa mno haiongezi kitu hapo, na uso ukijaza skrini utaonekana laini kupita kiasi. Ndiyo maana tumepiga onyesho hili kwa umbali. Tafuta picha inayotazama mbele, mwanga usio mkali, bila miwani, bila mkono shavuni, na bila vichujio vya simu vinavyolainisha ngozi.

`landmark` ni nini?

Ni alama za uso: nukta ambazo programu huziweka kwenye pembe za macho, ncha ya pua, kingo za midomo na mstari wa taya. Kwa nukta hizo programu hujua uso umegeukia wapi na umeinama kiasi gani, kisha huuzungusha na kuuvuta uso wa chanzo mpaka nukta zake zikae sambamba na za lengwa.

Idadi hutofautiana. Kupanga uso tu, nukta 5 hutosha: macho mawili, pua, na pembe mbili za mdomo. Modeli maarufu ya maktaba ya dlib ina nukta 68: 17 za taya, 10 za nyusi, 9 za pua, 12 za macho na 20 za mdomo. Modeli nyingine, MediaPipe Face Mesh, ina 468.

Hesabu zile 68 tena. Paji la uso halimo. Ukichora eneo la uso kwa nukta hizo peke yake, kazi inaishia kwenye nyusi, na paji linabaki la dereva. Kama ngozi zao zinatofautiana utaona mstari juu ya nyusi kana kwamba mtu kavaa kitambaa.

Mbona uso unatetemeka kwenye video?

Nukta zinatafutwa upya kwenye kila fremu, na kila mara zinahama kidogo. Sababu za kawaida ni giza, picha iliyofifia kwa sababu ya mwendo, au kichwa kilichogeuka upande hadi jicho moja limejificha. Pitia fremu mojamoja, uondoe zile ambazo nukta za mdomo zimeangukia kidevuni. Ngozi nyeusi ikipigwa bila mwanga wa kutosha hupoteza vivuli ambavyo programu inavitegemea, kwa hiyo mpangaji taa ajue mapema kwamba onyesho lina kazi hii. Kurekebisha baadaye ni mateso.

Halafu `mask`?

Ni barakoa: picha ya nyeusi na nyeupe inayoiambia programu ipake wapi. Palipo peupe panaingia uso mpya, palipo peusi panabaki palivyo, na kijivu ni mchanganyiko.

Kwangu mimi hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapoachana, na wanaoanza hawapagusi kabisa. Mkanda wa helmeti ya dereva unapita chini ya kidevu. Barakoa ya umbo la boksi itaupaka ngozi, na mkanda utakatika hewani. Kwenye FaceFusion, programu nyingine ya kubadilisha uso, chagua `occlusion`, ambayo hujaribu kutambua vitu vilivyo mbele ya uso na kuviacha. `region` hukuruhusu kuchagua sehemu za uso, kwa mfano kuacha mdomo wa lengwa. Ukikutana na `erode`, inasinyaza barakoa kwa ndani. `blur` inalainisha kingo zake.

`blend` si ndiyo hiyo `blur`?

Hapana, ingawa zinasaidiana. `blend` ni kuchanganya, yaani jinsi rangi za chanzo na za lengwa zinavyokutana. Hesabu yake ya kawaida ni hii, `m` ikiwa thamani ya barakoa kati ya 0 na 1:

```
rangi = m * chanzo + (1 - m) * lengwa
```

Pikseli ya chanzo ikiwa 200, ya lengwa 100, na `m` ikiwa 0.5, unapata 150. Uchanganyaji huo hauondoi tofauti ya mwanga. Uso uliopigwa ndani chini ya taa ya manjano utabaki wa manjano barabarani saa sita mchana, hivyo linganisha rangi kwanza.

Nimetumia maktaba ya picha ya OpenCV, uso umekuwa mweusi pembeni. Kwa nini?

Pengine umetumia amri hii:

```python
tokeo = cv2.seamlessClone(chanzo, lengwa, barakoa, kitovu, cv2.NORMAL_CLONE)
```

Njia hii inatokana na kazi ya Pérez, Gangnet na Blake ya 2003. Huhifadhi mabadiliko ya ndani ya uso, lakini rangi huichukua kwenye mpaka wa barakoa. Mpaka ukigusa helmeti nyeusi, weusi unavuja shavuni. Sinyaza barakoa hadi mpaka wote ukae juu ya ngozi. Na uso ukihama mahali pake, angalia `kitovu`: kiwe katikati ya kisanduku kinachozunguka eneo jeupe la barakoa, si ncha ya pua.

Naweza kujifunzia kwa uso wa msanii au mwanasiasa?

Kwenye mashine za kikundi, hapana. Tumia uso wako, au wa mwenzako aliyekubali baada ya kujua utaufanyia nini. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya nayo ina za kwake za 2018 na 2019. Hata pasingekuwa na sheria, klipu ikishafika kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo kwamba lilikuwa zoezi hayaifuati. Filamu yetu itasema kwenye orodha ya mwisho kwamba uso wa dereva umebadilishwa, na jina la dereva litakuwemo.

Nianzie wapi?

Fremu moja ya dereva, picha moja ya mwigizaji. Washa nukta uzione, kisha barakoa uione, ndipo uchanganye. Ukifika kwenye video nzima kabla fremu moja haijakaa sawa, utakuwa unasubiri kompyuta imalize kurudia kosa lilelile mara 25 kwa kila sekunde ya video.