Madai ya fidia na gharama kwa kunyimwa kiti kwenye ndege ya Zanzibar–Frankfurt

Asha H. Khamis
Wete, Pemba
9 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Abiria
Kupitia ofisi ya wakala wenu, Kiembesamaki, Zanzibar

YAH: KUACHWA NA NDEGE TAREHE 12 JUNI 2025, BUKINGI K7QX2M

Assalamu alaykum.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tiketi nilikatiwa kwa Kiswahili, na hata kuambiwa "ndege imejaa" niliambiwa kwa Kiswahili.

Tarehe 12 Juni, siku ya Alhamisi, nilikuwa nisafiri na ndege yenu ya saa 2:35 usiku kutoka Uwanja wa Karume, jengo la tatu. Tiketi ililipiwa yote tangu Machi. Nilifika kaunta saa 11:10 jioni. Begi langu likapimwa, kilo 22.4, likafungwa lebo. Kijana wa kaunta akatazama kompyuta yake, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Kisha akachukua mkasi akaikata ile lebo mbele yangu, akanirudishia begi na pasipoti. "Mama, viti vimekwisha." Nikamwuliza vipi vimekwisha na mimi nina tiketi. Akasema mfumo umeuza zaidi. Tulikuwa saba tuliobaki pale.

Hapakuwa na aliyetoka kuuliza kama yupo abiria wa kujitolea kuacha kiti chake kwa makubaliano. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 kinawataka muanze na hilo, kabla ya kumzuia mtu asiyetaka kubaki. Kampuni yenu imesajiliwa Ulaya na ndege ilikuwa inakwenda Ulaya, kwa hiyo Kanuni hiyo inawahusu ingawa safari imeanzia Unguja. Karatasi ya kunieleza haki zangu, ambayo kifungu cha 14 kinataka nipewe palepale, sikupewa. Nililetewa nyingine: vocha ya euro 200, na chini yake mstari wa saini unaosema sitadai tena. Sikutia saini. Mimi ni mwalimu wa skuli, nimezoea kusoma mpaka mstari wa mwisho.

Mliniwekea kiti kwenye ndege ya Jumamosi tarehe 14, saa ileile ya usiku. Mimi ni mtu wa Pemba, nilivuka kwa boti asubuhi ya siku ile. Mjini sina kwangu. Saa 3 usiku niko nje ya uwanja na begi na boksi la halua, natafuta teksi. Hoteli, chakula na usafiri wa kwenda na kurudi vilikuwa juu yenu kwa kifungu cha 9. Hata simu mbili za bure zimo humo, lakini hizo sizidai, nilitumia bando langu.

Nilikuwa nakwenda Hamburg kwenye nikaha ya mwanangu, Jumamosi baada ya alasiri. Saa hiyo mimi nilikuwa Mlandege, chumba cha hoteli, nasikiliza khutba kwenye simu na mtandao unakatika. Hilo sikulitia bei. Nalitaja ili msije mkaniandikia kwamba nilicheleweshwa kidogo tu.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, fidia ya euro 600 kwa kifungu cha 7, kwa kuwa safari inapita kilomita 3,500 na nilifika siku mbili baadaye. Naitaka kwa fedha, benki. Vocha haifai bila ya ridhaa yangu ya maandishi. Pili, shilingi 282,000 nilizotoa mfukoni: hoteli usiku mbili kwa 85,000 kila usiku, teksi mara mbili kwa 25,000, na chakula 62,000. Tatu, euro 59.90 za tiketi ya treni ya Frankfurt–Hamburg ya tarehe 13, ambayo hairudishwi. Hii naidai kwa kifungu cha 12. Jumla ni euro 659.90 na shilingi 282,000. Hapa Zanzibar sikupokea kutoka kwenu hata chupa ya maji, kwa hiyo hakuna cha kukatwa.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, kipande cha lebo iliyokatwa (nilikiokota chini), risiti za hoteli na chakula, tiketi ya treni, na ile karatasi ya vocha isiyo na saini. Mmoja wa teksi hakuwa na kitabu cha risiti. Aliniandikia kwa mkono na kuweka namba ya gari, naye yumo.

Naomba majibu ya maandishi na malipo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Luftfahrt-Bundesamt, mamlaka ya anga ya Ujerumani, kwa kuwa ndege ilikuwa inashuka kwao. Mwanangu yuko huko, na fomu ameshaijaza.

Wakala wenu akipokea, tafadhali agonge muhuri na tarehe kwenye nakala yangu.

Wenu,

Asha H. Khamis