Unga wa mahindi wa Lumuli, ulioongezwa virutubishi, waingia sokoni Nyanda za Juu Kusini

MAFINGA, Iringa – Kuanzia leo, familia za Iringa, Njombe na Mbeya zitapata madukani unga wa sembe wa Lumuli, uliosagwa Mafinga kwa mahindi ya wakulima wa Mufindi na kuongezwa madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huondoka na sehemu kubwa ya virutubishi. Ndiyo maana mashine yetu ya kupimia hudondosha gramu 500 za mchanganyiko wa virutubishi katika kila tani ya unga, na kipimo hukaguliwa kila saa, kwa sababu unga ukipita kasi kuliko virutubishi vinavyodondoshwa, mfuko mmoja hupata virutubishi vya kutosha na mwingine huvikosa. Hatupokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, maana hapo ndipo ukungu wa sumukuvu huanzia, na hakuna kirutubishi kinachoweza kuusafisha. Ugali wa unga huu hausongwi tofauti wala haubadiliki ladha. Mifuko ni ya kilo 2, 5 na 25; itunzwe pakavu, mbali na jua.